Bwate otomatiki yenye kilomita 312 000 na mafuta yake ya kwanza: tubadilishe ao tuache?

SWALI. Mimi ni baba wa watoto watano. Tumetoka upande wa Nyabibwe, katika teritware ya Kalehe, na kwa sasa tunaishi kwa jamaa hapa Kadutu. Nilikimbia na gari yangu, Toyota RAV4 ya mwaka 2002, otomatiki, na ndiyo inatulisha: nafanya taksi toka asubuhi mpaka jioni. Konteri inaonyesha kilomita 312 000. Tangu niinunue sijabadilisha mafuta ya bwate hata mara moja, na yule aliyeniuzia hakuniambia kama yeye aliwahi kubadilisha. Fundi mmoja ameniambia: "Usiguse. Ukigusa tu, bwate inakufa." Fundi mwingine anataka kusukuma mafuta yote kwa mashine, ya zamani yatoke na mapya yaingie kwa saa moja. Pesa sina nyingi, na gari ikisimama, sisi wote tunasimama. Nimsikilize nani?

JIBU. Baba, asante kwa swali lako, kwa sababu madereva wengi wa Bukavu wanalo na wanaogopa kuliuliza. Kwa maoni yangu mafundi wako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza anaangalia kilomita tu. Wa pili hata haangalii gari. Jambo la kuamua si hesabu ya konteri, ni hali ya bwate yenyewe leo. Kama inaingiza vitesi vizuri, badilisha mafuta, lakini pole pole, kwa kumwaga na kujaza, bila mashine. Kama imeanza kuteleza, usitupe pesa yako kwenye mafuta ukidhani ni dawa. Acha nieleze sababu, kisha tupige hesabu ya gari yako.

Kwa nini watu wanasema vidanje inaua bwate?

Neno hilo halikutoka hewani. Kila mtu anajua mtu ambaye alibadilisha mafuta ya bwate ya zamani, na kisha ya juma moja gari ikakataa kupanda. Lakini jiulize: mtu huyo alienda garaji siku gani? Mara nyingi alienda siku ile gari ilipoanza kunguruma bila kusonga. Alikaa miaka bila kugusa mafuta, akaona dalili, akatumaini kwamba mafuta mapya yatamponya. Bwate ilikuwa imekwisha kabla fundi hajafungua bushoni. Vidanje ikabeba lawama, kama vile mgonjwa aliyepelekwa hospitali amechelewa, kisha watu wanasema hospitali ndiyo ilimwua.

Hata hivyo kuna ukweli ndani ya woga huo, na ni vizuri kuujua. Ndani ya bwate otomatiki kuna disiki nyingi nyembamba za chuma, zimebandikwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanakandamiza disiki hizo zishikane, na ndipo vitesi vinaingia. Miaka ikipita, ile karatasi inalika na unga wake unabaki ndani ya mafuta. Joto nalo linageuza mafuta kuwa utando unaoganda kwenye vijia vyembamba na kwenye vali ndogo. Mafuta mapya yana dawa ya kusafisha. Ukiyaingiza yote kwa nguvu na kwa mara moja, yanaweza kung'oa uchafu mwingi kwa pamoja, na uchafu huo ukaziba filtri ao ukakwamisha vali. Na kama disiki zimekwisha kabisa, mafuta mazito machafu yanaweza kuzisaidia kushikana siku chache zaidi kuliko mafuta safi. Lakini angalia vizuri: katika hali hiyo kinachoshikilia gari ni uchafu. Gari ya namna hiyo iko na siku chache, umwage ao usimwage.

Kwa nini basi usiache tu, kama bado inatembea?

Kwa sababu ya milima yetu. Bukavu si mji wa barabara iliyonyooka. Unatoka chini kando ya ziwa, unapanda Kadutu na abiria wamejaa, unasimama, unaondoka tena, unasimama. Kati ya motere na bwate kuna kifaa kinachozunguka ndani ya mafuta na kupeleka nguvu kwa njia ya mafuta hayo hayo. Kwenye barabara ndefu, kwa mwendo mzuri, kifaa hicho kinajifunga na hakichemshi sana. Kwenye mlima, kwa mwendo wa pole pole, hakijifungi. Sehemu ya nguvu ya motere inageuka joto ndani ya mafuta. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kila joto la mafuta likiongezeka kama digrii kumi juu ya kawaida, maisha ya mafuta yanapungua kama nusu. Kwa hiyo kilomita za taksi ya Bukavu si sawa na kilomita za mtu wa Japani aliyeendesha gari ile ile kwenda kazini kwenye lami tambarare.

Mafuta yaliyochoka hayapozi vizuri, hayalindi chuma vizuri, na disiki zinateleza kidogo kila zinaposhikana. Kule kuteleza kunaleta joto lingine, na joto linachosha mafuta zaidi. Kama bwate yako bado nzima, kuacha mafuta hayo ndani ni kuiua pole pole, kila siku kidogo. Ndiyo maana sikubaliani na fundi wa kwanza.

Je, konteri na karatasi za gari zinaweza kukusaidia?

Kidogo. Gari nyingi tunazonunua hapa zimetumika kwanza Japani, zikapitia Dar es Salaam, na njiani konteri inaweza kurudishwa nyuma. Lakini kabla hujasema mafuta hayajabadilishwa tangu kiwandani, fungua mlango wa dereva na uangalie ukingo wake, ao chini ya kofia ya motere. Magaraji ya Japani yanabandika vibandiko vidogo kila yanapofanya vidanje. Maandishi ni ya Kijapani, lakini ukiona herufi ATF na hesabu ya kilomita karibu yake, hayo ndiyo mafuta ya bwate. Mwaka mara nyingi unaandikwa kwa hesabu yao: kwa miaka ile ya kati ya 1989 na 2018, ongeza 1988. Ukiona 17, maana yake ni 2005. Baba, kama ukikuta kibandiko kama hicho, basi vidanje yako haitakuwa ya kwanza, na woga unapungua.

Nipime namna gani kabla ya kuamua?

Vipimo viko vitatu, na vyote unaweza kufanya wewe mwenyewe bila kulipa mtu.

Cha kwanza ni joje, yaani kile kijiti cha kupimia. RAV4 yako inacho, na magari mengi ya siku hizi hayana, kwa hiyo una bahati. Tembeza gari kama dakika ishirini ipate moto. Simama mahali pa tambarare, vuta freni ya mkono, kanyaga freni ya mguu, acha motere kwenye ralanti. Pitisha mkono wa vitesi kutoka P mpaka L, ukikaa kidogo kila mahali, kisha urudi P. Sasa chomoa joje bila kuzima motere, ipanguse, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Mafuta yafike kati ya alama mbili za HOT. Yakiwa chini, hapo pengine ndipo shida yote ilipo: mafuta yakipungua, pampu inavuta hewa na bwate inateleza hata kama disiki ni nzima. Tafuta mahali yanapovuja kabla ya kuhukumu bwate.

Kisha dondosha matone mawili juu ya karatasi nyeupe, uyaangalie na uyanuse. Mafuta mapya ni mekundu. Yakiwa ya kahawia yenye wekundu kidogo, bila harufu mbaya, yamezeeka tu, na hiyo ndiyo hali nzuri ya kubadilisha. Yakiwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, disiki zimeungua. Yakiwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na damu, usitembee tena hata kilomita moja: maji ya radiateri yameingia ndani ya bwate. Katika gari kama yako mafuta ya bwate yanapozwa ndani ya radiateri yenyewe, na sisi wengi tunajaza radiateri maji matupu, basi kutu inakula ukuta unaotenganisha maji na mafuta. Hapo unaanza na radiateri, kwa sababu mafuta mapya nayo yataharibika siku hiyo hiyo.

Kipimo cha pili ni muda wa kushika. Gari ikiwa moto na imesimama, freni zote mbili zikiwa zimekaza, toa mkono wa vitesi kutoka N uweke D, na usikilize mpaka uhisi gari imeshika. Toyota inataka iwe chini ya sekunde 1.2. Rudi N, ngoja dakika moja, kisha weka R: hapo inataka chini ya sekunde 1.5. Tumia saa ya simu. Kama unaweza kusema "moja, mbili, tatu" kwa utulivu kabla gari haijashika, nguvu ya mafuta ndani ni ndogo, ao mipira imekauka, ao disiki zimelika.

Kipimo cha tatu ni mlima. Panda njia unayoijua, na abiria, na usikilize pale vitesi vinapobadilika. Kama motere inapiga kelele juu lakini mwendo hauongezeki, kisha vitesi vinaingia kwa kishindo, huko ndiko kuteleza. Kama kunatokea mara moja tu asubuhi gari ikiwa baridi, bado kuna tumaini. Kama kunatokea kila unapopanda, na gari iko moto, jibu umelipata.

Tupige sasa hesabu ya gari yako

Tuseme vipimo vyako vimetoka vizuri: joje iko sawa, mafuta ni ya kahawia bila harufu ya kuungua, gari inashika kwa wakati, na mlima inaupanda bila kuteleza. Bwate kama yako inabeba mafuta karibu lita nane kwa jumla. Lakini ukifungua bushoni ya chini, hayatoki yote. Zinatoka lita tatu na nusu hivi, na zingine zinabaki ndani ya kile kifaa kinachozunguka na ndani ya vijia. Watu wanaona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo usalama wako.

Ukimwaga lita tatu na nusu na kurudisha kiasi hicho hicho cha mafuta mapya, bwate inakuwa na karibu asilimia 44 ya mafuta mapya. Dawa ya kusafisha inaanza kazi, lakini taratibu. Tembea kwa kazi yako ya kawaida mpaka upate kilomita mia tano ao elfu moja, kisha rudia: unafika karibu asilimia 68. Ukirudia mara ya tatu unafika karibu asilimia 82. Kwa hiyo mara mbili zinakula lita saba, mara tatu zinakula lita kumi na nusu. Baba mwenye pesa kidogo anaweza kununua lita nne leo, na zingine mwezi ujao, na gari haisimami hata siku moja katikati. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kukataa mashine: inataka mafuta mengi kwa mara moja, na kitu kikiharibika huwezi kujua ni kwa sababu gani.

Mara ya kwanza, mwambie fundi afungue na bakuli lote la chini, si bushoni tu. Ndani atakuta filtri na sumaku ndogo. Filtri ibadilishwe kama ya kweli inapatikana, la sivyo isafishwe na irudishwe. Sumaku ndizo zitakuambia ukweli wa mwisho. Tope laini la kijivu, kama dawa ya meno, ni la kawaida kwa kilomita 312 000, lipanguse tu. Vipande vya chuma unavyoweza kuokota kwa vidole, ao chembe za rangi ya shaba ambazo sumaku haizivuti, ni alama kwamba vyuma vya ndani vinalika. Simama karibu wakati bakuli linafunguliwa, uone kwa macho yako, na umwombe fundi asiifute sumaku kabla hujafika.

Mafuta yaliyotoka yapime kwa chupa za lita, na urudishe kiasi hicho hicho, kisha upime tena kwa joje gari ikiwa moto kama tulivyosema. Usijaze kupita alama. Mafuta yakizidi yanapigwa povu, na povu halikandamizi disiki. Na mwambie fundi asichanganye bushoni: RAV4 inayovuta kwa matairi manne ina mahali pengine pa mafuta mazito ya gia, karibu na bwate. Kuna gari zilizokufa kwa sababu fundi alimwaga ya huku na akajaza ya kule.

Ni mafuta gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoua bwate, kisha wanasema vidanje ndiyo imeiua. Si kila mafuta mekundu ni sawa. Soma joje yako: kwenye Toyota za wakati huo imeandikwa aina yenyewe, na kwa RAV4 ya mwaka 2002 utakuta T-IV. Nunua hiyo, ao mafuta ya kampuni nyingine yaliyoandikwa kwenye chupa kwamba yanafaa kwa T-IV. Yale mekundu ya Dexron ambayo tunatia kwenye usukani yana mshiko tofauti, na gari inaweza kuanza kutetemeka vitesi vinapobadilika. Mafuta ya motere usiyatie kabisa. Na Toyota za baadaye zinazotaka WS zisipewe T-IV, kwa sababu WS ni mepesi zaidi. Kama msikilizaji mwingine ana Noah ao gari nyingine ambayo bwate yake haina vitesi vya kuhesabu bali inavuta kwa mkanda wa chuma, mafuta yake ni ya namna ya pekee, na haya yote niliyoandika juu ya T-IV hayamhusu.

Angalia pia kofia ya chupa. Chupa zilizotumika zinajazwa tena na kuuzwa kama mpya. Kama pete ya kofia imekwisha kukatika, ao mafuta si mekundu safi, rudisha.

Na kama vipimo vimetoka vibaya?

Kama gari inateleza kila mlima, mafuta ni meusi na yananuka, na gari inachelewa kushika, basi usinunue lita kumi za mafuta mazuri ili uziweke ndani ya maiti. Hakikisha tu kipimo cha joje kiko sawa, punguza abiria, epuka njia kali kama kupandisha Ngomo ukitoka Kamanyola, na uanze kuweka pesa kwa ajili ya kufungua bwate ao kununua nyingine iliyotumika. Siku utakapoweka hiyo nyingine, hapo ndipo umwage na kujaza mafuta mapya kabla haijaanza kazi, kwa sababu hujui imetoka wapi.

Kuna hali moja ya katikati, na ndiyo ngumu zaidi: gari inateleza kidogo tu asubuhi, mafuta ni ya kahawia nzito, sumaku hazina vipande. Hapo maoni yangu ni kufanya nusu ya njia: kumwaga na kujaza mara moja, kisha kuendesha kilomita mia tano huku unasikiliza. Ikipata nafuu, endelea na mara ya pili. Ikibaki vile vile, umepoteza lita nne tu. Ikizidi kuteleza ndani ya siku chache, ujue disiki zilikuwa zimekwisha, na umejulishwa wakati bado gari inaweza kujifikisha garaji yenyewe.

Kwa wewe baba, nakuomba ufanye vile vipimo vitatu kesho asubuhi kabla ya abiria wa kwanza: joto la dakika ishirini, karatasi nyeupe, saa ya simu, na mlima mmoja. Ukishabadilisha, andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye ukingo wa mlango, kama Wajapani wanavyofanya. Kwa kazi ya taksi katika milima hii, rudi kumwaga na kujaza kila kilomita elfu 40 hivi, mara moja inatosha. Na mafuta machafu usiyamwage kwenye mtaro: mitaro yetu inaishia ziwani, na kuna familia zinazochota maji huko. Yaweke kwenye kidumu. Maseremala na wachomeleaji wa Kadutu watayachukua.

Wenye maswali mengine ya gari, tuandikieni. Mtaje aina ya gari, mwaka, kilomita, na kile kilichoandikwa kwenye joje.